Ukurasa Unaonekana Google lakini Haubofywi: Kutafuta Kasoro katika Kichwa na Maelezo Mafupi

Dalili ni hii: takwimu za Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, zinaonyesha kwamba ukurasa umejitokeza mara nyingi katika matokeo ya Google, lakini waliobofya ni wachache mno. Mwenye tovuti akiona hivyo, mara nyingi hukimbilia kuandika kichwa kipya siku hiyo hiyo. Haraka hiyo ina hasara yake, kwa sababu dalili hii moja huletwa na mambo yasiyofanana hata kidogo, na baadhi yake hayaponywi na kichwa chochote, hata kingeandikwa kwa ustadi gani.

Nitafuata ukurasa mmoja wa mfano tangu mwanzo hadi mwisho. Unaeleza nafasi ya kupanda mahindi, na kichwa chake kimeandikwa hivi:

```html
<title>Fahamu Mambo Muhimu Kuhusu Kilimo cha Kisasa cha Mahindi – Nyumbani – Jina la Tovuti</title>
```

Takwimu zake nimezitunga ili hesabu iwe rahisi kufuatwa, lakini kasoro zake ni zile ninazozikuta kila mara katika tovuti za Kiswahili.

## Kwanza: je, kasoro iko kwenye kichwa kweli?

Tuseme katika siku 28 ukurasa huu umeonekana mara 2,000 na kubofywa mara 20, yaani asilimia 1. Takwimu hiyo ikiachwa hivyo haisemi lolote, kwa kuwa imechanganya watu waliouona ukurasa juu kabisa ya matokeo na wale ambao ukurasa uliwatokea mbali sana chini. Fungua ripoti ya utendaji katika Search Console, chuja kwa anwani ya ukurasa huo peke yake, kisha nenda kwenye `Queries`, ambako maneno yaliyotafutwa yameorodheshwa moja moja, na uwashe safu ya wastani wa nafasi.

Katika mfano wetu yanatokea mambo matatu. Maneno «mbegu za mahindi kwa ekari» yameuonyesha ukurasa mara 700, wastani wa nafasi ni 31, na hakuna aliyebofya. Maneno «kilimo cha mahindi» yameuonyesha mara 500 katika nafasi ya 18, na wamebofya watu 3. Maneno «nafasi ya kupanda mahindi» yameuonyesha mara 600 katika nafasi ya 4, na wamebofya 12. Mara 200 zilizobaki, pamoja na mibofyo 5, zimetawanyika katika maneno ya hapa na pale, mengine yakiwa hayaonyeshwi kabisa, kwa sababu Google huyaficha maneno yanayotafutwa na watu wachache sana ili kulinda faragha yao. Kwa hiyo usishangae jumla ya orodha isipolingana na jumla iliyo juu ya ripoti. Kwa tovuti ndogo za Kiswahili tofauti hiyo huwa kubwa.

Sasa picha imebadilika. Kwa maneno ya kwanza, ukurasa uko chini mno kiasi kwamba kichwa hakijapata hata nafasi ya kusomwa. Hapo tatizo ni kwamba ukurasa haujibu swali la mbegu, na dawa yake ni kuandika sehemu inayolijibu au ukurasa mwingine kabisa. Maneno ya pili ni mapana mno. Ni maneno ya tatu peke yake ndiyo yanayokihusu kichwa: ukurasa uko juu, watu wanauona, ila kati ya kila watu 100 ni 2 tu wanaouchagua. Kuanzia hapa tunashughulika na hayo tu.

Angalizo moja kabla ya kuendelea. Ikiwa maneno unayoyachunguza yameonekana mara 30 au 40 tu, usitoe hukumu. Mtu mmoja akibofya au asipobofya, asilimia inaruka juu au kushuka bila sababu yoyote ya maana. Panua kipindi, Search Console huhifadhi takwimu za miezi 16, na kwa tovuti yenye wasomaji wachache miezi mitatu hutoa picha ya kuaminika zaidi kuliko wiki moja.

## Dalili: kichwa kinachoonekana Google si kile ulichoandika

Tafuta mwenyewe maneno yale yale, uone kichwa kilichoonyeshwa, kisha ufungue ukurasa wenyewe na uusome msimbo wake kwa kuandika `view-source:` mbele ya anwani. Tafuta humo `<title`. Kikitokea zaidi ya kimoja, angalia kwanza kama cha pili hakimo ndani ya picha ya SVG, maana alama ndogo za aina hiyo huwa na kichwa chake na hazina madhara. Lakini ukikuta viwili ndani ya `<head>`, mara nyingi ni mandhari ya tovuti na programu-jalizi, au programu-jalizi mbili za aina moja, kila moja ikiandika cha kwake. Zima moja.

Kikiwa kimoja na bado Google inaonyesha kingine, basi Google imekibadilisha kwa makusudi. Tangu Agosti 2021 inatumia mfumo unaoweza kuchukua kichwa kikuu kinachoonekana juu ya makala, maandishi mengine makubwa ya ukurasa, au hata maneno ya viungo vinavyoelekea kwenye ukurasa huo. Mwezi uliofuata Google yenyewe ilieleza kwamba vichwa vilivyoandikwa na wenye tovuti vinatumika takriban asilimia 87 ya nyakati. Kwa hiyo chako kikibadilishwa, kiko katika kundi dogo, na ipo sababu inayoweza kutafutwa.

Sababu ninayoikuta zaidi ni kichwa kinachojirudia. Tovuti nyingi hutengeneza vichwa kwa kiolezo, na kiolezo hicho hubandika «Nyumbani», jina la tovuti na kaulimbiu yake kwenye kila ukurasa, hadi kurasa 50 zinatofautiana kwa neno moja au mawili. Google ikiona hivyo huondoa sehemu inayojirudia au hutafuta kichwa kingine. Jina la tovuti halihitaji tena kurudiwa namna hiyo, kwa kuwa tangu Oktoba 2022 Google ilianza kulionyesha katika mstari wake wa pekee juu ya kichwa. Katika mfano wetu, «– Nyumbani – Jina la Tovuti» inaweza kuondolewa bila msomaji kupoteza chochote.

Sababu ya pili ni mwaka uliopitwa: kichwa kinataja 2021 huku makala ikiwa imesahihishwa na kutaja 2024, hivyo Google inaliamini lile lililo ndani ya ukurasa. Dawa ni kusahihisha pote, au kuutoa mwaka katika kichwa kama habari yenyewe haibadiliki. Nafasi ya kupanda mahindi haihitaji mwaka. Bei za mahindi zinauhitaji.

Sababu ya tatu inatuhusu zaidi sisi tunaoandika kwa Kiswahili. Makala ni ya Kiswahili, lakini kichwa kimeandikwa kwa Kiingereza, ama kwa imani kwamba Kiingereza kitavuta watu wengi zaidi, ama kwa sababu kiolezo hakikutafsiriwa. Juni 2022 Google ilitangaza kwamba inazitambua kurasa ambazo lugha ya kichwa haifanani na lugha ya maudhui, na kwamba inaweza kuunda kichwa kinacholingana na maudhui hayo. Hata pale inapokiacha kichwa kama kilivyo, mtu aliyetafuta kwa Kiswahili huona mstari wa Kiingereza na kudhani kwamba ukurasa haumhusu. Kichwa na kiwe katika lugha ya makala.

Ukitaka kumaliza ubishi kati yako na Google, fanya kichwa cha ukurasa na kichwa kikuu cha makala viseme jambo moja. Si lazima vifanane neno kwa neno, lakini kimoja kisizungumzie «kilimo cha kisasa» na kingine «nafasi ya kupanda».

## Dalili: maelezo mafupi yanayoonekana si yako

Hapa lazima niondoe dhana moja inayowapotezea watu muda mwingi. Google haikuahidi kuyaonyesha maelezo unayoyaandika kwa ajili ya mistari inayokaa chini ya kichwa katika matokeo. Kwa kawaida hutengeneza maelezo kutoka maandishi ya ukurasa wenyewe, kulingana na maneno aliyotafuta mtu, na huyatumia yako pale inapoona yanaueleza ukurasa vizuri zaidi. Kwa hiyo ukurasa mmoja unaweza kuonyesha maelezo matatu tofauti kwa watu watatu, na hilo si kasoro. Kasoro ni pale yanayoonyeshwa yanapokuwa maneno ya menyu, tangazo, au aya isiyohusiana na swali.

Ikiwa hakuna maelezo kabisa, angalia mambo mawili. Faili ya `robots.txt` ikimzuia Google kuusoma ukurasa, anwani bado inaweza kuonekana katika matokeo kwa sababu ya viungo vinavyoelekea kwake, ila bila maelezo yoyote. Pili, tafuta katika msimbo neno `nosnippet` au `max-snippet:0`. Kuna mipangilio ya programu-jalizi inayoyaweka kwa mbofyo mmoja, na aliyebofya huwa ameshasahau.

Ikiwa maelezo yanakatika katikati ya sentensi mapema mno, kwenye simu na kwenye kompyuta vilevile, shuku alama za kunukuu. Tazama mstari huu, unaozungumzia mbegu ya mahindi iitwayo Staha:

```html
<meta name="description" content="Mbegu ya "Staha" hukomaa lini na hupandwa wapi">
```

Kwa macho ya binadamu mstari huu hauna tatizo. Kwa kompyuta, alama ya kunukuu iliyotangulia jina Staha ndiyo iliyofunga maelezo, hivyo kilichobaki ni «Mbegu ya» tu. Weka `&quot;` mahali pa alama hizo za ndani, au ziondoe. Kasoro hii hutokea hasa pale kiolezo kilichoandikwa kwa mkono kinapochukua sentensi ya kwanza ya makala na kuibandika kama ilivyo.

Ikiwa Google inachukua maneno ya menyu au ya tangazo, yafunge maneno hayo kwa sifa `data-nosnippet`, ambayo hukubalika ndani ya `span`, `div` na `section`. Lakini dawa yenye nguvu zaidi ni kuandika jibu mahali pake. Ukurasa wetu wa mfano unaanza kwa aya mbili zinazosema kwamba mahindi ni zao la chakula linalolimwa na wakulima wengi, na vipimo vinatokea katika aya ya tisa. Google ikitafuta sentensi inayojibu «nafasi ya kupanda mahindi» inaambulia vipande. Iweke sentensi kamili yenye vipimo chini ya kichwa kikuu, na mara nyingi maelezo yatakayoonyeshwa, yawe yako au ya Google, yatakuwa yale unayoyataka.

## Dalili: vyote vinaonekana kama ulivyoandika, lakini watu wanapita

Hii ndiyo hali ngumu zaidi, na ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Hakuna kilichoharibika, kinachoonekana kimeshindwa tu na vilivyo jirani yake.

Anza kwa kukisoma kichwa kama anavyokisoma mtu mwenye simu mkononi. Google haina idadi ya herufi iliyowekwa kwa kichwa. Hukikata kulingana na upana wa skrini. Kwa uzoefu, kwenye kompyuta nafasi iliyopo ni kama pikseli 600, ambazo hutosha herufi 55 hadi 60 hivi, na kwenye simu kichwa huweza kushuka mstari wa pili. Herufi hazilingani kwa upana: «m» na «w», ambazo Kiswahili kinazitumia sana, hula nafasi kuliko «i» na «l», na herufi kubwa hula zaidi. Ndiyo maana nashauri kutoandika Kila Neno kwa Herufi Kubwa.

Sasa rudi kwenye kichwa chetu. Kabla ya kulifikia neno «Mahindi» zinatangulia herufi 49, nikihesabu na nafasi zilizo kati ya maneno. Anayetafuta anapitisha jicho upande wa kushoto wa orodha, na anachokiona hapo ni «Fahamu Mambo Muhimu Kuhusu». Maneno hayo yangeweza kuwa juu ya makala ya kisukari, ya ndoa au ya bima ya gari. «Fahamu», «Zijue», «Yafahamu mambo 7» na ndugu zao wamekuwa mazoea ya vichwa vya Kiswahili mtandaoni, na naamini ndiyo yanayotupotezea wasomaji wengi kuliko kosa jingine lolote, kwa sababu yanakalia mahali palipostahili neno ambalo mtu amelitafuta. Kibaya zaidi, maneno «nafasi» na «kupanda» hayamo kabisa katika kichwa hiki, ilhali ndiyo aliyoyaandika mtafutaji.

Kasoro ya pili ni ya uzito wa ahadi. Mkulima anayeuliza nafasi ya kupanda amesimama shambani, au atasimama kesho, na kinachomkwamisha ni kwamba amesikia vipimo viwili. Mmoja amemwambia sentimita 75 kwa 30, mwingine 75 kwa 60. Kichwa kinachotaja vipimo vyote viwili kinamwonyesha mara moja kwamba mwandishi ameuelewa mkwamo wake:

```html
<title>Nafasi ya kupanda mahindi: sm 75 × 30 au 75 × 60?</title>
<meta name="description" content="Mche mmoja kila shimo kwa sm 75 × 30, miwili kwa sm 75 × 60; idadi ya mimea kwa ekari ni ileile, takriban 18,000. Namna ya kupima kwa kamba na lini uchague ipi.">
```

Kichwa hiki kina herufi 49, na maneno yaliyotafutwa yamekaa mwanzoni, kwa mpangilio ule ule. Maelezo yana herufi 160, lakini nimeyapanga ili sehemu yenye jibu iishie kwenye herufi ya 113. Simu ikikata kilichobaki, au tarehe ikibandikwa mbele na kula nafasi, msomaji anabaki na sentensi yenye maana.

Nimewahi kuulizwa mara nyingi kama kutoa jibu hadharani namna hii hakuwafanyi watu waridhike bila kubofya. Wapo watakaoridhika, na hao wasingekaa kwenye ukurasa hata wangeingia. Anayebaki ni yule anayetaka kujua achague kipimo kipi na apimeje bila kupotoka mistari, na maelezo yanamwambia waziwazi kwamba hayo yamo ndani. Kuficha jibu kwa «utashangaa» au «siri hii» humleta mtu mara moja, na asipolikuta jibu hurudi kwenye orodha na kumbofya jirani. Kwa hiyo kabla ya kuchapisha, hakikisha kila kilichotajwa katika maelezo kimo kweli: ikiwa hakuna sehemu ya kupima kwa kamba, iandike, au yaondoe maneno hayo.

Jambo la mwisho chini ya dalili hii ni kuangalia majirani. Tafuta maneno hayo na uandike kwenye karatasi vichwa vya matokeo matano ya kwanza. Vyote vikisema «Kilimo bora cha mahindi», kichwa chenye vipimo kitajitenga chenyewe. Lakini ukikuta majirani nao wanataja vipimo, itabidi utofautiane kwa kitu kingine ulicho nacho, kwa mfano mchoro au hesabu ya mashimo kwa ekari. Na ukikuta Google yenyewe imeshaonyesha jibu kamili juu ya matokeo yote, kubali kwamba sehemu ya mibofyo imekwenda, wala usikilaumu kichwa.

## Dalili: umebadilisha, na hakuna kilichobadilika

Kwanza hakikisha Google imeshausoma ukurasa upya. Katika Search Console weka anwani kwenye sehemu ya ukaguzi wa URL, uone tarehe ya mara ya mwisho roboti yake ilipopita. Ikiwa ni kabla ya mabadiliko, omba ukurasa usomwe upya. Inaweza kuchukua siku chache hadi wiki kadhaa, na kuomba mara kumi hakuharakishi.

Kisha linganisha siku 28 zinazofuata kusomwa huko na siku 28 zilizotangulia, kwa maneno yale yale tu na kwa nchi ile ile. Angalia wastani wa nafasi kabla ya kuangalia mibofyo. Maelezo mafupi hayapandishi ukurasa katika orodha, lakini kubadilisha maneno ya kichwa kunaweza kuusogeza. Nafasi ikiwa imebaki 4 na mibofyo imetoka asilimia 2 hadi 5, ni haki kusema kichwa kipya kimefanya kazi. Nafasi ikiwa imepanda kutoka 4 hadi 2, sehemu ya ongezeko imetokana na kupanda huko, na huwezi kukipa kichwa sifa yote.

Jihadhari pia na msimu. Ukibadilisha kichwa Januari na kupima Machi, masika yanapoanza, wanaotafuta nafasi ya kupanda huwa wengi na wana haraka. Hao watabofya zaidi hata kwa kichwa cha zamani. Kwa ukurasa wa namna hii, linganisha Machi na Machi iliyopita, jambo ambalo miezi 16 ya takwimu inaruhusu. Na usibadilishe kichwa, maelezo na aya ya kwanza kwa siku tofauti ndani ya kipindi kimoja cha kupima. Vibadilishe vyote siku moja, andika tarehe na matoleo ya zamani kwenye daftari, kisha usiviguse hadi siku 28 zitimie.